Soma Chini ya Bidoni Kabla ya Kuinunua

Katika soko kuu la Bunia bidoni tupu haikai muda mrefu bila mnunuzi. Ile ya njano ya lita 20 iliingia na mafuta ya kupikia kutoka Uganda, kwa njia ya Mahagi, Aru au ng'ambo ya Ziwa Alberti. Mafuta yakaisha, bidoni ikaoshwa, na sasa inangoja mtu wa kuijaza maji, mawese, maziwa au pombe ya kienyeji. Pembeni yake kuna ya buluu na nyeupe ambazo hujui zilikuja na nini. Muuzaji anakwambia zote ni safi, na huenda anaamini hivyo kweli.

Ila kila bidoni ina maneno yake yenyewe. Kiwanda kilipoimimina plastiki kwenye kalibu, kilichapa alama chini na kwenye bega la chombo, na alama hizo hazitoki kwa sabuni wala kwa mchanga. Lebo ya karatasi hubanduka. Chapa ya kalibu hubaki. Mwongozo huu unahusu kuzisoma alama hizo: ipi inakwambia plastiki ni ya aina gani, ipi inasema chombo kinafaa kwa chakula, ipi inahusu bidhaa iliyokuwa ndani tu, na ipi inakuonya uirudishe bidoni chini uondoke.

Kwa nini kuosha hakutoshi

Plastiki ya bidoni haivuji maji, kwa hiyo tunaidhani imeziba kabisa. Kwa mazutu, petroli na esansi haijaziba. Chembe za mafuta hayo hupenya polepole na kukaa ndani ya unene wa plastiki yenyewe. Ukiosha unaondoa yaliyo juu ya ngozi ya chombo, yale ya ndani yanabaki. Siku utakapomimina mawese, yataanza kurudi nje kuingia kwenye chakula.

Jaweli haibadilishi jambo hilo. Sote Bunia tuliizoea klorini miaka ya Ebola, 2018 hadi 2020, na ni sahihi kuiamini kwa vijidudu. Haina uwezo wa kutoa mazutu yaliyozama ndani ya plastiki.

Kuna pia vitu vya plastiki yenyewe: rangi, vilainishi, mabaki ya kiwandani. Kiasi kidogo huhamia kwenye chakula, na mambo manne huongeza kiasi hicho: joto, mafuta, uchachu na muda. Maji baridi yanayokaa siku moja huchota kidogo. Mawese yaliyomiminwa yakiwa ya moto na kuachwa mwezi mzima, au pilipili iliyotiwa ndimu nyingi, huchota zaidi. Ndiyo maana chombo kinachofaa kwa maji kinaweza kisifae kwa mafuta ya moto.

Pembetatu yenye namba: inataja plastiki, haikupi ruhusa

Alama inayoonekana zaidi ni pembetatu ya mishale mitatu yenye namba ndani, kuanzia 1 hadi 7. Wengi huiona wakasema, "Hii ina alama, ni nzuri." Hapo ndipo kosa kubwa lilipo.

Namba hizo zilianzishwa mwaka 1988 na chama cha wenye viwanda vya plastiki cha Marekani ili wachambuaji wa taka wajue plastiki ipi iwekwe pamoja na ipi. Mishale ilifanana na alama ya kuchakata iliyobuniwa mwaka 1970 na mwanafunzi Gary Anderson, na watu wakaanza kuichukua kama ahadi. Mwaka 2013 kanuni ya kiufundi inayosimamia namba hizo iliiondoa mishale na kuweka pembetatu ya mistari mitupu. Kwa hiyo utakuta zote mbili sokoni, na maana yake ni moja: plastiki hii ni ya aina fulani. Haisemi chombo ni cha chakula. Haisemi pia kwamba kuna mtu Bunia atakayekichakata.

Hata hivyo namba inakusaidia sana ukijua kila plastiki inastahimili nini.

> SANDUKU LA NAMBA
>
> 1 (PET, PETE): chupa za maji na soda. Inafaa kwa vitu baridi. Ikifika nyuzijoto kama 70 hulegea na kujikunja, basi usitie chai wala mafuta ya moto.
>
> 2 (HDPE, kwa Kifaransa PEHD): bidoni nyingi. Ngumu, hustahimili kurudiwa. Nzuri kwa maji, na kwa mafuta yaliyopoa.
>
> 3 (PVC, V): mabomba, na karatasi laini za plastiki. Vilainishi vyake hupenda kuhamia kwenye mafuta. Usiweke chakula, na usiichome: moshi wake una asidi na sumu kali.
>
> 4 (LDPE; kwa Kifaransa PEBD): sashe laini na bidoni zinazokunjika. Kwa vitu baridi.
>
> 5 (PP): ndoo nyingi, vifuniko, vyombo vya kuwekea chakula. Kati ya zote hii ndiyo inayostahimili joto vizuri zaidi.
>
> 6 (PS): sahani na vikombe vyeupe vyepesi vya kutupwa. Usitie chakula cha moto chenye mafuta.
>
> 7 (OTHER, O): aina nyingine zote kwa pamoja. Namba hii peke yake haikwambii kitu. Tafuta alama nyingine.

Ukiona mishale mitatu bila namba ila ina asilimia katikati, kwa mfano 30%, hiyo inaeleza kiasi cha malighafi iliyochakatwa iliyotumika kutengeneza chombo. Na kwenye makopo, chupa na makasha utakuta namba kubwa zaidi zenye herufi: FE 40 ni chuma, ALU 41 ni aluminiamu, GL 70 ni kioo cheupe, PAP 20 ni katoni la mawimbi, C/PAP 84 ni lile kasha la juisi au maziwa lenye karatasi, plastiki na aluminiamu zilizogandishwa pamoja. Zote ni majina ya malighafi, si zaidi.

Duara lenye mishale miwili inayokumbatiana, ambalo hutokea kwenye bidhaa za Ulaya, lilianza Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1990. Maana yake ni kwamba mtengenezaji amelipa mchango wa kukusanya taka katika nchi yake. Kwako hapa halina kazi. Alama ya FSC yenye mti nayo inahusu msitu ulikotoka karatasi, haihusu usalama wa chakula.

Glasi na uma: hii ndiyo unayoitafuta

Picha ndogo ya glasi ikiwa kando ya uma, yaani forsheti, ndiyo inayosema waziwazi kwamba chombo kilitengenezwa kwa kugusa chakula. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 1935 ya mwaka 2004 inamtaka mtengenezaji aiweke, au aandike maneno yenye maana hiyo, isipokuwa pale ambapo matumizi yanajulikana bila kuelezwa, kama chupa ambayo tayari ina kinywaji. Viwanda vya nje ya Ulaya pia huitumia, au huandika tu kwa Kifaransa au Kiingereza kwamba chombo ni cha chakula.

Ikikosekana, usihukumu papo hapo. Bidoni iliyotoka kiwandani na mafuta ya kupikia ndani haikulazimika kuwa nayo. Kosa ni kununua chombo kipya kisicho na alama yoyote, hasa beseni au ndoo nyeusi nzito ya bei ya chini. Nyingi kati ya hizo hutengenezwa kwa plastiki chakavu iliyochanganywa, na weusi ndiyo rangi inayoficha mchanganyiko. Huwezi kujua ndani yake kuna nini. Tumia kwa nguo na kwa udongo.

Na glasi na uma ina mpaka wake. Inazungumzia chombo siku kilipotoka kiwandani. Kama mtu aliweka dawa ya kuua wadudu ndani yake mwaka jana, alama itabaki pale pale, haikujua.

Q, almasi na nyingine: alama za bidhaa, si za bidoni

Kwa kuwa bidhaa nyingi za Bunia hupitia mashariki, lebo zake hubeba alama za mashirika ya viwango ya huko. UNBS ya Uganda hutoa alama ya ubora yenye herufi Q, na kando yake huwa na namba ya kibali. KEBS ya Kenya ina alama yake ya viwango na ile ya ubora yenye umbo la almasi. TBS ya Tanzania huweka herufi zake tbs. Upande wetu mwenye kazi ya kukagua ni Ofisi ya Udhibiti ya Kongo, OCC, iliyoanzishwa mwaka 1974. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini ukaguzi wa OCC mpakani haujaondoka.

Alama hizi zinakufaa unaponunua bidhaa iliyofungwa. Tazama mambo mawili: kama namba ya kibali ipo, na kama chapa ni safi, haijapindwa wala kubandikwa juu ya lebo nyingine. Alama bila namba ni sababu ya kuuliza.

Zikiwa kwenye bidoni tupu hazikufai. Q iliyo kwenye lebo ilihusu mafuta yaliyokuwamo. Yakiisha, kibali kimekwisha nayo.

Na alama ya ℮, ile e kubwa ya mviringo karibu na ujazo, inahusu kipimo cha kiasi tu.

Alama za kukataa

Hapa nakuomba usome polepole, kwa sababu katika jimbo lenye machimbo ya dhahabu, magari ya mazutu na mashamba ya kunyunyizia dawa, hizi ndizo zinazookoa mtu.

Ya kwanza ni duara dogo lenye herufi *u* juu ya *n*, likifuatwa na mstari wa namba, kwa mfano 3H1/Y1.4/150/24. Ni chapa ya Umoja wa Mataifa ya vyombo vya kusafirishia vitu vya hatari. 3H1 ni bidoni ya plastiki isiyofunguka juu yote. 1H1 ni pipa la plastiki la namna hiyo hiyo. Y na 1.4 zinaeleza kiwango cha hatari na uzito wa kimiminika ambacho chombo kilipimwa nacho, 150 ni mgandamizo, 24 ni mwaka. Watu huona Umoja wa Mataifa wakadhani ni chombo cha msaada, kwa hiyo ni kizuri kupita vyote. Sivyo. Bidoni yenye chapa hii ikiwa mpya kabisa inaweza kuwa imetengenezwa kwa plastiki nzuri. Ikiwa imetumika, chukulia kwamba ilibeba asidi, kemikali au mafuta ya gari, na usiinunue kwa chakula.

Ya pili ni lebo za almasi zenye ukingo mwekundu: fuvu, moto, moto juu ya duara, mkono unaoliwa na kimiminika, samaki aliyekufa kando ya mti. Hata kipande cha lebo kikibaki, kinatosha. Moto juu ya duara hupatikana kwenye ndoo za klorini kali ya unga, na ndoo hizo hupendwa kwa uimara wake.

Ya tatu watu huipita: picha ya kopo lililofunguliwa lenye 6M, 12M au 24M. Ni ya vipodozi, inaeleza miezi ya kutumia baada ya kufungua. Chombo hicho kilikuwa na krimu au mafuta ya nywele. Usikitie chumvi wala asali.

Alama moja isiyo na maana uliyoipa

Chini ya bidoni nyingi kuna duara lenye namba 1 hadi 12 pembeni na mshale katikati. Wapo wauzaji wanaoionyesha kama alama ya ubora. Ni saa ya kalibu: mshale unaelekea mwezi ambao chombo kilitengenezwa, na namba mbili za katikati ni mwaka. Itumie kwa kazi hiyo. Bidoni ya miaka mingi iliyokaa juani huwa imekakamaa, ina nyufa nyembamba, na nyufa hizo hushika uchafu usiotoka.

Hatua kwa hatua, ukiwa sokoni

1. Iinamishe bidoni, futa chini kwa kidole chenye mate au kitambaa, uelekeze kwenye mwanga wa pembeni. Chapa za plastiki husomeka kwa kivuli.
2. Anza na alama za kukataa: *u* juu ya *n*, kisha mabaki ya lebo za almasi zenye ukingo mwekundu. Ukizipata, acha hapo.
3. Soma namba ya pembetatu. Kwa bidoni tarajia 2. Ukipata 3, au 7 isiyo na maelezo, acha.
4. Tafuta glasi na uma, au jina la kampuni ya chakula lililochapwa ndani ya plastiki yenyewe.
5. Tazama kifuniko. Mara nyingi si cha bidoni hiyo. Kama rangi au uzi wake havilingani, kichunguze kama chombo kingine, kikiwa na namba yake.
6. Muulize muuzaji, "Ilikuja na nini, na nani aliitumia baada ya hapo?" Swali la pili ndilo muhimu.
7. Ifunge ikiwa tupu na kavu, uiweke juani kwa muda wa saa moja. Fungua, unuse mara moja. Joto huzitoa chembe zilizofichama. Harufu ya mazutu, petroli, rangi au dawa ikitoka, mrudishie.

Onyo juu ya hatua ya 7: harufu inaweza kukutia shaka, haiwezi kukuhakikishia. Zebaki na sianidi za kwenye machimbo, na dawa nyingi za shambani, hazina harufu utakayoigundua kwa njia hiyo. Tena usisogeze pua hadi kwenye mdomo wa bidoni. Punga hewa kwa mkono kuelekea kwako. Wala usionje.

Bidoni tatu, mnunuzi mmoja

Tuseme mama muuza mawese anataka bidoni tatu za kupeleka mafuta yake kutoka kijijini hadi Bunia. Anapewa tatu kwa bei moja.

Ya kwanza ni ya njano. Chini ina pembetatu yenye 2 na HDPE, saa ya kalibu inayoonyesha miaka miwili iliyopita, na jina la kiwanda cha mafuta ya kupikia lililochapwa ubavuni. Glasi na uma haipo. Baada ya saa moja juani inanukia mafuta ya kupikia ya zamani, ukali kidogo wa mafuta yaliyochacha. Hii anaichukua. Ukosefu wa glasi na uma hauna neno kwa sababu jina la kiwanda liko ndani ya plastiki. Ukali ule ataondoa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, mara mbili, kisha ataikausha mdomo chini. Hatatikisa kokoto ndani, kwa kuwa kokoto huchora plastiki.

Ya pili ni ya buluu, nzito, inang'aa kuliko zote, na ina glasi na uma. Kwenye bega kuna *u* juu ya *n* na 3H1. Inavutia, na muuzaji anaisifu. Chombo chenye alama zote mbili kipo kweli, kwa sababu kiwanda hukiuza kwa wateja wa chakula na wa kemikali. Lakini huyu mama hana njia ya kujua ni mteja yupi aliyekinunua. Anaiacha.

Ya tatu ni ya njano kama ya kwanza, namba 2, jina la kiwanda kile kile. Juani inatoa harufu ya mazutu, hafifu lakini wazi. Muuzaji anasema itaisha kwa jaweli. Haitaisha, na mawese yatainyonya harufu hiyo pamoja na kilichoileta. Anaiacha pia, ingawa alama zake zote ni nzuri.

Jambo la mwisho kwake: akishakamua, asubiri mafuta yapoe hadi aweze kushika nje ya sufuria kwa kiganja bila kuungua. HDPE huyeyuka karibu na nyuzijoto 130, lakini hulegea na kuachia vitu vyake mapema zaidi.

Sashe

Sashe nyembamba nyeusi au ya buluu haina alama yoyote, na hilo ndilo jibu. Amri ya serikali namba 17/018 ya Desemba 2017 ilipiga marufuku kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na sashe za plastiki Kongo, lakini bado zinafunikia bugali na wali unaotoa mvuke. Mvuke ni joto, sombe yenye mawese ni mafuta. Mambo mawili kati ya manne yamekutana kwenye plastiki isiyojulikana. Funika kwa jani la ndizi lililopitishwa motoni, au kwa sahani. Na usiwashie makala kwa sashe, kwa kuwa moshi wake unaingia kwenye chakula kilicho juu ya moto huo.

Orodha ya kubeba

- [ ] Hakuna *u* juu ya *n*, hakuna almasi yenye ukingo mwekundu
- [ ] Namba ni 2 kwa bidoni, 5 kwa chombo cha chakula cha moto
- [ ] Glasi na uma, au jina la kiwanda cha chakula ndani ya plastiki
- [ ] Kifuniko kimekaguliwa peke yake
- [ ] Hakuna nyufa, hakuna michoro ya ndani
- [ ] Historia yake imeulizwa
- [ ] Saa moja juani, haikunuka mazutu, petroli, rangi wala dawa

Ukishagundua kwamba bidoni uliyonayo nyumbani haifai, usiitoe bure wala kuiuza, kwa sababu itaoshwa na kurudi sokoni kwa mtu asiyejua. Kama bado unaihitaji kwa mafuta ya jenereta, pasha kisu moto uandike MAZUTU ubavuni kwa herufi kubwa, ukiwa nje penye hewa, na bidoni ikiwa tupu, imeoshwa na imekaa wazi siku kadhaa. Ile iliyobeba esansi usiiguse kwa moto hata ikionekana kavu. Hiyo, na nyingine usiyoihitaji, itoboe chini matundu mawili kwa mkono, bila moto.